Alumini na Mrututu: Volti Zinavyoonyesha Mmenyuko Utaelekea Wapi

Potenshali sanifu ya seli ni namba moja, inayopimwa kwa volti, ambayo huonyesha jinsi metali mbili zinavyogombea elektroni: ipi itazitoa, ipi itazipokea, na kwa nguvu kiasi gani. Ishara iliyo mbele ya namba hiyo, ya kujumlisha au ya kutoa, ndiyo inayosema kama mmenyuko utajiendea wenyewe au hautakwenda mpaka usukumwe na umeme wa kutoka nje. Wanafunzi wa kemia hukutana na jambo hili katika swali fupi ambalo siku hizi husafiri kwa simu likiwa picha ya ukurasa wa kitabu au ya karatasi ya mtihani. Picha huwa na mistari miwili ya nusu-seli, kila mmoja na volti zake, kisha amri ya kutafuta potenshali ya seli na kusema kama mmenyuko utatokea.

Mfano unaofaa kuchambuliwa hadi mwisho ni wa alumini na shaba. Mistari yake miwili, kama inavyoonekana katika meza nyingi za vitabu vya shule, ni hii:

Al³⁺ + 3e⁻ → Al        E° = −1.66 V

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu        E° = +0.34 V

Mfano huu una faida juu ya ule wa zinki na shaba uliozoeleka madarasani. Kwanza, idadi ya elektroni katika mistari miwili hailingani, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Pili, ishara ya kutoa iliyo mbele ya 1.66 ikipotea, jibu lote hugeuka juu chini. Tatu, anayekwenda kuujaribu mmenyuko wenyewe ndani ya glasi huona kitu ambacho mwanzoni kinapingana na hesabu.

Kila mstari umeandikwa kwa upande mmoja tu, upande wa kupokea elektroni. Ioni ya alumini inapokea elektroni tatu na kuwa metali, na ioni ya shaba inapokea elektroni mbili na kuwa metali. Haina maana kwamba zote mbili zitapokea kwa wakati mmoja, maana elektroni za kupokewa lazima zitoke kwa mtu. Ni utaratibu wa uandishi tu, ili metali zote zilinganishwe kwa swali moja: ioni hii ina hamu kiasi gani ya kupokea elektroni? Namba kubwa ya upande wa kujumlisha ina maana ya hamu kubwa. Namba iliyo chini kabisa upande wa kutoa ina maana kwamba ioni haina hamu hiyo, na kwamba metali yake ndiyo iliyo tayari kutoa.

Hamu hiyo haipimiki peke yake. Voltimita ina nyaya mbili, na husoma tofauti kati ya pande mbili, kama vile mtu asivyoweza kutaja urefu wa mlima bila kusema anaanzia kupima wapi. Kwa milima watu wamekubaliana kuanzia usawa wa bahari. Kwa nusu-seli, wanakemia wamekubaliana kuanzia elektrodi ya haidrojeni: kipande cha platini ndani ya tindikali, kikipulizwa gesi ya haidrojeni, na kupewa potenshali ya 0.00 V. Shaba ikiunganishwa na elektrodi hiyo, upande wa shaba husoma volti 0.34 juu yake. Alumini huwekwa volti 1.66 chini yake. Neno sanifu lina maana ya masharti yaliyowekwa ili kila mtu apime kitu kilekile: ioni za moli moja kwa lita, gesi zenye mkandamizo wa ba 1, na kwa kawaida joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Alama ndogo ya duara juu ya E ndiyo inayobeba masharti hayo, na katika picha iliyopigwa kwa haraka ndiyo ya kwanza kufifia.

Hatua ya kwanza ya kulijibu swali si hesabu. Ni kutazama namba mbili na kuuliza ipi iko juu. Hapa +0.34 iko juu ya −1.66, kwa hiyo ioni za shaba zitapokea elektroni na alumini itazitoa. Elektrodi inayopokelea elektroni huitwa kathodi, na ile ambako elektroni hutolewa huitwa anodi. Kathodi basi ni shaba, na anodi ni alumini. Kutoa elektroni ndiko vitabu vinakokuita oksidisho, hata pale ambapo hakuna oksijeni yoyote jirani.

Kisha huja kanuni yenyewe:

E°seli = E°kathodi − E°anodi

E°seli = (+0.34) − (−1.66) = +2.00 V

Namba zote mbili zimeingia kama zilivyo kwenye meza, kila moja na ishara yake, na kutoa kunafanywa na kanuni. Wapo walimu wanaofundisha njia nyingine: kugeuza mstari wa alumini uwe wa kutoa elektroni, kubadili ishara yake kuwa +1.66, kisha kujumlisha na +0.34. Jibu ni lilelile, na njia zote mbili ni halali. Kinachoharibu ni kuzichanganya. Mwanafunzi hugeuza ishara, halafu akatoa tena, akapata 0.34 − 1.66 = −1.32 V, na kuandika kwamba mmenyuko hautokei. Kosa hilo hujifichua lenyewe: ikiwa kathodi imechaguliwa kwa kuwa ndiyo yenye namba ya juu, tofauti haiwezi kuwa chini ya sufuri. Jibu la kutoa likijitokeza baada ya uchaguzi huo, ishara imegeuzwa mara mbili.

Swali linaweza kuja kwa namna nyingine inayohitaji tahadhari. Badala ya kuuliza seli itakwenda upande gani, huandika mmenyuko kamili na kuuliza kama utajiendea. Hapo mwanafunzi hana uhuru wa kuchagua kathodi, kwa sababu mmenyuko ulioandikwa umekwisha kuchagua. Kama swali limeandika kwamba shaba inayeyuka na ioni za alumini zinageuka metali, basi kathodi ni alumini, na hesabu ni (−1.66) − (+0.34) = −2.00 V. Jibu hilo la kutoa ni sahihi, na lina maana kwamba mmenyuko huo kwa upande huo hautajiendea. Upande wa pili ndio utakaokwenda.

Sasa elektroni. Alumini moja hutoa tatu, na ioni moja ya shaba hupokea mbili. Hakuna elektroni inayobaki ikielea, hivyo mstari wa alumini huzidishwa kwa mbili na wa shaba kwa tatu ili pande zote zifikie sita:

2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu

Hapa mkono huwa mwepesi. Ukiwa umezoea kuzidisha kila kitu kilicho kwenye mstari, utazidisha na volti pia: 3 × 0.34 ni 1.02, 2 × 1.66 ni 3.32, jumla 4.34 V. Ni jibu linalopatikana katika daftari nyingi, na ni kosa. Volti hazizidishwi. Sababu yake imo ndani ya kipimo chenyewe. Volti moja ni jouli moja ya nishati kwa kila kulombi moja ya chaji inayopita. Ni kama bei ya sukari kwa kilo. Anayenunua kilo tatu hulipa mara tatu, lakini bei ya kilo inabaki ileile iliyoandikwa ubaoni. Kuongeza idadi ya atomi zinazoshiriki kunaongeza kilo, wala hakugusi bei.

Kinachozidishwa ni gharama nzima, yaani nishati. Mmarekani Josiah Willard Gibbs aliifafanua katika miaka ya 1870, na leo huitwa nishati huru ya Gibbs, ikiandikwa G. Mmenyuko unaojiendea ni ule unaoishusha G. Kinachounganisha nishati hiyo na volti ni kanuni fupi:

ΔG° = −nFE°

Herufi n ni idadi ya elektroni zilizopita, na F ni chaji ya moli moja ya elektroni, takriban kulombi 96,485, iliyopewa jina la Michael Faraday. Ishara ya kutoa iliyo mbele ya nFE° ndiyo inayofanya E° ya kujumlisha iende pamoja na ΔG° ya kutoa. Seli inayosoma volti za kujumlisha inatoa nishati, na mfumo unaotoa nishati huru unashuka.

Kwa alumini na shaba, n ni 6. Basi ΔG° = −6 × 96,485 × 2.00, ambayo ni karibu jouli −1,158,000, au kilojouli −1,158 kwa kila moli mbili za alumini zinazoliwa. Kanuni hiyo pia inathibitisha kwa nini volti hazizidishwi. Ukikokotoa nishati ya kila nusu peke yake kwa elektroni sita, upande wa shaba hutoa kilojouli 197 hivi na upande wa alumini 961 hivi. Jumla ni 1,158. Ukiigawa kwa 6 × 96,485 ili kurudi kwenye volti, hupati 4.34. Unapata 2.00. Ile sita iliyoingia wakati wa kuzidisha imetoka wakati wa kugawa, na ndiyo maana njia ya mkato ya kutoa volti moja kwa moja inafaa kila elektroni za pande mbili zinapolinganishwa.

Picha yenyewe inastahili kutazamwa kwa jicho la pili kabla ya kuaminiwa. Ishara ya kutoa ni kistari chembamba, na mwanga hafifu au mkunjo wa karatasi huweza kukimeza. Katika seli ya zinki na shaba, −0.76 ikisomwa kama 0.76, volti hutoka 1.10 na kuwa 0.42, na anodi na kathodi hubadilishana nafasi. Katika mfano wa alumini ni vivyo hivyo: 1.66 isiyo na kistari inasimama juu ya 0.34, alumini inakuwa kathodi, na jibu linasema kwamba shaba itayeyuka ili alumini ijitande juu ya waya kutoka ndani ya maji.

Jambo hilo mtu anaweza kulikataa bila meza yoyote. Alumini haipatikani kwa kuichomoa majini, hata kwa umeme, kwa sababu maji yenyewe hutoa haidrojeni kabla ioni za alumini hazijakubali kupokea elektroni. Ndiyo sababu viwanda hutumia njia iliyogunduliwa mwaka 1886 na Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, ya kupitisha umeme katika kriolaiti iliyoyeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na oksaidi ya alumini. Kipimo kingine kilicho karibu zaidi ni tindikali. Metali zenye potenshali iliyo chini ya sufuri, kama zinki na chuma, hutoa mapovu ya haidrojeni zikitiwa katika tindikali hafifu ya haidrokloriki. Shaba, iliyo juu ya sufuri, hukaa humo kimya. Anayekumbuka hivyo hatashindwa kujua ni wapi kistari kilipaswa kuwepo.

Picha ya kitabu cha zamani ina hatari ya aina yake. Kwa muda mrefu baadhi ya vitabu, hasa vya Marekani, viliandika mistari kwa upande wa kutoa elektroni, na ndani yake zinki ilikuwa +0.76 na shaba −0.34. Umoja wa kimataifa wa wanakemia, unaojulikana kwa herufi IUPAC, ulikubaliana mjini Stockholm mwaka 1953 kwamba potenshali ya elektrodi iandikwe kwa upande wa kupokea. Vitabu vya kabla ya hapo, na vingine vya baadaye vilivyochelewa kufuata, bado viko kwenye rafu za maktaba. Namba zao si za uongo. Mshale wa kila mstari ndio unaosema ukweli: elektroni zikiwa upande wa kulia wa mshale, mstari ni wa kutoa, na ishara lazima igeuzwe kabla ya kuingia katika kanuni ya kathodi kutoa anodi.

Hesabu ikikamilika, karatasi inasema kwamba alumini ikitiwa katika mmumunyo wa ioni za shaba itayeyuka na shaba itajitokeza, na kwamba nguvu inayousukuma mmenyuko huo ni kubwa mno. Namba inayoonyesha mmenyuko utafika umbali gani kabla ya kusimama, ambayo huandikwa K, inapatikana kutoka volti zilezile. Kwa seli hii ni 1 ikifuatwa na sufuri zaidi ya 200. Kwa lugha nyepesi, mmenyuko ungeendelea mpaka kimojawapo kiishe kabisa.

Maabara yoyote ya shule inaweza kulijaribu. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unajulikana sana kwa wakulima kwa rangi yake ya buluu na kwa kazi yake ya kuzuia ukungu kwenye mimea. Ukiyeyushwa katika maji ndani ya glasi, hutoa mmumunyo wenye ioni za shaba kwa wingi. Kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, hutumbukizwa humo. Na hakuna kinachotokea. Dakika zinapita, alumini inang'aa kama ilivyoingia, buluu iko vilevile. Mwanafunzi aliyetoka kuandika +2.00 V ana haki ya kushangaa.

Kisha hutiwa kijiko cha chumvi ya mezani. Baada ya muda mfupi madoa ya rangi ya kahawia nyekundu hutokea juu ya alumini, mapovu huanza kupanda, glasi hupata joto, karatasi huliwa na kutoboka, na buluu hufifia. Tope jekundu linalobaki chini ni shaba. Mapovu ni haidrojeni, kwa kuwa alumini iliyovuliwa kinga haichagui sana wa kumpa elektroni, na sehemu yake humenyuka na maji yenye utindikali wa mrututu. Jaribio hili lifanyike katika chombo cha kioo, kisichotumika kwa chakula, kwa sababu mrututu ni sumu.

Chumvi haikubadili potenshali kwa kiasi cha kuueleza mshangao huo. Ilichofanya ni kuondoa kizuizi. Alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi ambao unene wake ni nanomita chache tu, mdogo kiasi kwamba jicho halioni, lakini mgumu na usiopitisha elektroni kwa urahisi. Utando huo ndio unaoiwezesha sufuria ya alumini kuchemsha maji miaka nenda rudi, ingawa meza ya potenshali inaitaja metali hiyo kuwa miongoni mwa zilizo tayari zaidi kutoa elektroni. Ioni za kloraidi kutoka kwenye chumvi huushambulia utando na kuutoboa, na mara metali iliyo chini ikifikiwa, mmenyuko ulioahidiwa na hesabu unaanza.

Hapo ndipo unapoonekana mpaka wa neno kujiendea. E° ya kujumlisha inasema mmenyuko una pa kushukia. Haisemi utashuka lini. Sekunde, saa au karne ni mambo ya kasi, na kasi hutawaliwa na vizuizi ambavyo meza ya volti haivijui kabisa. Kwa hiyo jibu sahihi la mtihani ni kwamba mmenyuko unajiendea katika masharti sanifu, na si kwamba utaonekana ukitokea mara moja. Kwa sababu hiyohiyo, anayetengeneza seli ya alumini na shaba na kuiunganisha na voltimita asitarajie kusoma 2.00. Utando wa oksaidi na mapovu ya haidrojeni huishusha namba hiyo sana, na seli ya zinki na shaba, ambayo husomeka karibu na 1.10 yake, inafaa zaidi kwa anayetaka kuona nadharia na kipimo vikikubaliana.

Mafundi umeme wanaujua ugomvi huu wa metali mbili kwa njia nyingine. Waya wa alumini ukifungwa moja kwa moja na waya wa shaba mahali penye unyevu, kiungo hugeuka seli ndogo. Alumini huliwa, mgusano huwa hafifu, na kiungo hupata joto. Katika hewa ya chumvi ya pwani hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kloraidi iko tayari na maji yapo. Ndiyo maana vipo viunganishi maalumu vyenye alumini upande mmoja na shaba upande mwingine, vilivyoshikanishwa kiwandani mahali ambapo unyevu hauwezi kuingia katikati.

Umebaki mpaka wa pili, nao umo katika neno sanifu. Volti za meza ni za ioni zenye moli moja kwa lita, ilhali mimumunyo ya kweli mara chache huwa hivyo. Mjerumani Walther Nernst alionyesha mwaka 1889 jinsi ukolezi unavyoisogeza potenshali. Kwa joto la nyuzi 25 kanuni yake huandikwa hivi:

E = E° − (0.0592 ÷ n) × log Q

Q ni uwiano wa ukolezi wa ioni zinazotengenezwa kwa ule wa ioni zinazotumika, kila moja ikipandishwa kwa idadi yake katika mmenyuko. Kwa alumini na shaba, hata ioni za shaba zikipunguzwa hadi elfu moja ya kiwango sanifu huku za alumini zikibaki moli moja, Q inakuwa bilioni moja, na bado kinachopungua ni volti 0.09 hivi tu. Seli inashuka kutoka 2.00 hadi 1.91. Mwelekeo haubadiliki, na hakuna ukolezi wa kawaida wa maabara utakaoubadilisha.

Hali ni tofauti kabisa pale volti mbili zinapokaribiana. Picha ya swali inaweza kuwa na mistari hii:

Sn²⁺ + 2e⁻ → Sn        E° = −0.14 V

Pb²⁺ + 2e⁻ → Pb        E° = −0.13 V

Sn ni bati halisi, ile metali ya kulehemia, wala si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Pb ni risasi. Kwanza, namba zote mbili ni za kutoa, na wapo wanaohitimisha kwa haraka kwamba hakuna mmenyuko utakaojiendea. Sivyo. Sufuri ni ya haidrojeni, na haidrojeni haimo katika seli hii. Kinachohesabiwa ni nani yuko juu ya mwenzake, na −0.13 iko juu ya −0.14. Risasi ni kathodi, bati ni anodi, na E° = (−0.13) − (−0.14) = +0.01 V. Mmenyuko unaojiendea katika masharti sanifu ni huu:

Sn + Pb²⁺ → Sn²⁺ + Pb

Ishara ni ya kujumlisha, na jibu la mtihani ni ndiyo. Lakini ndiyo hii ni dhaifu. Ioni za bati zikiwa moli moja kwa lita, na za risasi zikipunguzwa hadi moja ya kumi ya hapo, Q ni 10, na logi yake ni 1. Basi E = 0.01 − 0.0296 = karibu −0.02 V. Ishara imegeuka. Vipande vilevile vya metali, katika vyombo vilevile, sasa vinapeleka elektroni upande wa pili: risasi inayeyuka na bati inajitanda. Mmumunyo mmoja tu umezimuliwa kwa maji, na kathodi imekuwa anodi.

Mahali ambapo seli hii husimama panapatikana kwa kuifanya E kuwa sufuri. Logi ya Q inakuwa 0.01 gawa kwa 0.0296, na Q yenyewe inakuwa takriban 2.2. Hiyo ndiyo K ya mmenyuko huu, nayo iko mbali mno na ile ya alumini yenye sufuri mia mbili. Haifai hata kuikazia macho tarakimu yake ya mwisho, kwa sababu meza zenye tarakimu tatu baada ya nukta huipa tofauti ya volti karibu 0.011 au 0.012, na mabadiliko hayo madogo huipeleka K hadi karibu 2.5. Namba ndogo inayopatikana kwa kutoa namba mbili zinazokaribiana hubeba makosa makubwa ya ukadiriaji, na swali linalotumia −0.14 na −0.13 linastahili kujibiwa kwa tarakimu chache.

Kwa kushika 2.2, seli inayoanza ikiwa na moli moja kwa lita kila upande, na metali za kutosha, itapeleka elektroni kutoka kwenye bati mpaka ioni za bati zifikie moli 1.37 hivi na za risasi zishuke hadi 0.63 hivi. Hapo voltimita husoma sufuri. Zaidi ya nusu ya ioni za risasi bado zimo ndani ya mmumunyo, bati bado ipo, E° ya mezani bado ni +0.01 V, lakini E ya seli yenyewe ni 0.00, na hakuna kinachosonga tena upande wowote.